Michirizi, vinywele na picha za nguo za kuogelea: kipi kifutwe, kipi kiachwe

*Mwalimu, nashona nguo za kuogelea hapa Mombasa na kuziuza mtandaoni. Mpigapicha wangu ameniletea picha za toleo jipya. Amefuta michirizi yote ya mapaja ya modo wangu, vinywele vya mikono na vya kinena, mpaka ngozi imekuwa ya mwanasesere. Nilipomwambia arudishe, alijibu kuwa katalogi zote duniani hufanya hivyo na kwamba mteja hanunui ngozi yenye alama. Yuko sahihi? Na picha hizi kweli zinawadhuru watu, au ni maneno ya mitandaoni tu?*

Dada, hilo la katalogi zote lilikaribia ukweli zamani, lakini limeshapitwa. Mwaka 2011 kampuni ya H&M ilikiri kwamba miili iliyovalishwa baadhi ya nguo za ndani na za kuogelea kwenye tovuti yake ilitengenezwa kwa kompyuta, kisha vichwa vya wanamitindo halisi vikapachikwa juu yake. Mwaka 2014 duka la Target la Marekani liliomba radhi baada ya mhariri mmoja kujaribu kupanua nafasi kati ya mapaja ya msichana aliyevaa nguo ya kuogelea, akakata na kipande cha nguo yenyewe. Picha ilikaa mtandaoni ikiwa na pengo la mraba pale ambapo pangekuwa na kitambaa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Aerie, inayouza nguo za ndani na za kuogelea kwa wasichana, ilitangaza kwamba haitafuta tena chochote kwenye miili ya wanamitindo wake. Mwaka 2017 wateja wa ASOS waligundua kuwa michirizi ya wanamitindo wa nguo za kuogelea imeachwa ilivyo, wakaisifu kwa wingi mtandaoni. Kwa hiyo katalogi zinazoacha ngozi zipo, na si za wanaharakati wachache. Ni maduka makubwa ya watu wenye hesabu zao.

Hilo la pili, kwamba mteja hanunui, nalo halina ushahidi. Aerie iliendelea kukua kwa miaka kadhaa baada ya uamuzi ule. Sitasema ilikua kwa sababu ya michirizi, maana bei, mitindo na matangazo navyo vilikuwa na kazi yake. Ninachoweza kusema ni kwamba kuacha ngozi hakukuifukuzia wateja.

Sasa tuingie kwenye picha zako, kwa sababu ukijua kazi ilivyofanywa utajua cha kumdai kijana wako. Michirizi si rangi iliyokaa juu ya ngozi. Ni makovu ya tabaka la ndani, pale ngozi ilipovutwa haraka kuliko nyuzi zake zilivyoweza kuhimili: wakati wa kubalehe, wa ujauzito, wa kunenepa, hata wa kujenga misuli. Mwanzoni huwa myekundu au ya zambarau, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama mistari iliyokoza kuliko ngozi ya jirani. Muda ukipita hufifia, hung'aa kidogo na kuzama. Kwenye picha, basi, kila mchirizi umebeba mambo mawili: tofauti ya rangi, na kijibonde kinachoshika kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili.

Mhariri mwenye subira huishughulikia mmoja mmoja. Anachukua brashi yenye nguvu ndogo sana, anaongeza mwanga kidogo penye giza na kuupunguza penye mng'ao, mpaka jicho lisione tena mstari. Chembe za ngozi zinabaki salama. Paja moja linaweza kula saa nzima. Picha za katalogi huja kwa makumi au mamia, na hakuna anayelipia saa hizo zote, ndiyo maana wengi hukata njia. Wanaitenga picha katika matabaka mawili, moja la rangi na vivuli vipana, jingine la chembe ndogondogo za ngozi. Tabaka la rangi hulainishwa kwa Gaussian Blur, kichujio kinachotia ukungu, na la chembe huzibwa kwa Healing Brush, brashi inayonakili ngozi nzuri ya jirani na kuifunika ile yenye alama. Njia yenyewe si mbaya, na mimi naitumia. Ubaya huja mtu anapoikokota brashi juu ya paja zima badala ya kugusa alama moja. Kivuli cha msuli kinapotea, mviringo wa paja unapotea, na kinachobaki ni eneo pana la rangi moja.

Ukitaka kujua kama ndivyo alivyofanya, fungua faili kubwa, siyo ile aliyokutumia kwa WhatsApp, uitazame kwa ukubwa wa asilimia 100. Anza na magoti na viwiko. Wahariri wengi wenye haraka hawavigusi, kwa sababu mikunjo yake ni migumu kuziba. Ukikuta goti lina vitundu na mistari ya kawaida, halafu sentimita chache juu yake paja halina hata kitundu kimoja, umeshapata jibu. Kisha fuata ukingo wa nguo. Pale lastiki inapokutana na ngozi ndipo mkono mzito hujulikana, kwa sababu brashi hugusa nguo bila kukusudia: mshono unafifia kwa vipande, au rangi ya kitambaa inamwagikia ngozini kama ukungu. Mwisho tafuta alama pacha. Ukiona kidoa kimoja kimejirudia mahali pawili kikiwa na umbo lilelile, ujue ngozi ya pale imenakiliwa kutoka hapa.

Vinywele ni kazi nyingine. Unywele mmoja una mwili wake, kivuli chake, na kitundu unakotokea. Mhariri wa haraka anafuta mwili wa unywele na kusahau kivuli, na mkono unabaki na mistari myembamba ya kijivu isiyo na mwenyewe. Sehemu ya kinena ni ngumu zaidi. Hata ngozi iliyonyolewa asubuhi ya siku ya kupigwa picha huonyesha vidoti vyeusi vya shina la nywele chini ya ngozi, na kwa nywele za kipilipili kama zetu kuna vipele vya nywele zilizojikunja na kurudi ndani, pamoja na weusi unaobaki baada ya vipele hivyo kupona. Vyote hivyo hufutwa, kisha ngozi ya tumbo au ya paja inanakiliwa na kubandikwa hapo. Ndiyo maana katika katalogi nyingi kinena kina rangi moja sawasawa na tumbo, jambo ambalo kwa wanawake wengi weusi halipo, wawe wananyoa au hawanyoi.

Hapo kuna hoja ya biashara ambayo nadhani mpigapicha wako hakuifikiria. Wewe huuzi ngozi, unauza mkato na mshono. Mteja anayeangalia bikini mtandaoni anataka kujua mkato wa mguu umepanda mpaka wapi, lastiki inabana au inalegea, kitambaa kinafunika kiasi gani cha kinena akikaa au akiinama. Majibu hayo yote yamo kwenye ngozi iliyo kando ya nguo. Kijibonde kidogo kinachofanywa na lastiki kwenye paja ndicho kinachomwambia kuwa nguo itashika ndani ya maji. Mhariri akikisawazisha, amemnyima mteja kipimo, na nguo ikimfikia na kumkaa tofauti na picha atakulaumu wewe uliyeshona.

Kuna jambo jingine la kikazi ambalo huwa linanichekesha. Mhariri hufanya kazi akiwa ameikuza picha mara mbili au tatu, pua yake karibu na kioo, ndiyo maana kila mchirizi unamtoa macho. Mteja wako ataiona picha hiyo kwenye simu, mwili mzima ukiwa na urefu wa kidole na nusu. Kwa ukubwa huo michirizi mingi haionekani kabisa, na inayoonekana ni ya kukisia tu. Saa nyingi za kufuta hutumika kuondoa vitu ambavyo hakuna mnunuzi angeviona.

Kanuni tunayofuata wengi katika fani hii ni rahisi: cha kupita kifutwe, cha kudumu kiachwe. Chunusi iliyotokea usiku wa kuamkia kazi, alama ya kung'atwa na mbu, mstari wa soksi kwenye kifundo, mchanga, uzi uliochomoza kwenye mshono, doa la dawa ya kwapa, hivyo futa bila wasiwasi. Wiki ijayo mwili wenyewe ungekuwa umeshaviondoa. Madoa ya kuzaliwa, makovu, michirizi, vinywele, na mikunjo ya tumbo mtu anapokaa ni mwili wenyewe, usiviguse. Vipele vya kunyoa vinakaa katikati, maana kila kipele kinapita lakini vipele kwa ujumla haviishi. Hapo mimi hupunguza wekundu wa vile vilivyowaka siku hiyo na kuacha vidoti na kivuli cha ngozi. Mhariri mwingine atachora mpaka mahali pengine, na sitagombana naye.

Kanuni hiyo ina mtu mmoja anayeweza kuivunja, naye ni mwenye mwili. Modo akikuambia kwamba kovu lake la upasuaji hataki lionekane, lifiche, na usimuulize sababu. Kinyume chake pia ni kweli: usimlazimishe kuonyesha michirizi ili duka lako lionekane la kisasa. Muulize kabla ya kamera kuwashwa, si baada ya picha kutoka, na jibu lake liandikwe kwenye karatasi ileile ya makubaliano ya malipo.

Tena, mengi ya haya yanaamuliwa na mwanga kabla kompyuta haijawashwa. Kwa kuwa michirizi ina vijibonde, mwanga wa pembeni huikuza. Jua la saa kumi na moja jioni ufukweni, lile linalopendwa na wapigapicha wote kwa rangi yake, hulala chini na kupiga mapaja kwa upande, na kila kijibonde kinapata kivuli. Mkimpaka modo mafuta ya nazi ang'ae, mmeongeza tatizo, kwa sababu ngozi ya mchirizi huakisi mwanga tofauti na ngozi ya jirani. Mpelekeni kwenye kivuli kipana cha baraza au chini ya turubai jeupe, mwanga uje kutoka mbele na kuenea, na shuka jeupe chini ya kamera lijaze vivuli. Ngozi ikae bila mafuta. Michirizi itabaki, lakini itaonekana kama inavyoonekana mtu anapokutana na rafiki yake kivulini. Utaniuliza kama huo nao si udanganyifu. Kuchagua mwanga ni kuchagua, sibishi, na hakuna picha isiyochagua. Lakini mwanga wa kivuli upo duniani na mwanamke yeyote anaweza kusimama ndani yake, ilhali paja lisilo na kitundu hakuna anayeweza kulipata popote.

Sasa swali lako la madhara. Nitaanza na jaribio ambalo linahusu nguo za kuogelea moja kwa moja. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake huko Marekani waliwaita wanafunzi wa chuo kikuu, wakawaambia ni utafiti wa hisia na ununuzi. Kila mmoja aliingia peke yake kwenye chumba chenye kioo, akavaa ama nguo ya kuogelea ama sweta, akajitazama, kisha akapewa mtihani wa hesabu akiwa bado ameivaa. Hakukuwa na mtu wa kumtazama. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walipata alama za chini kuliko wenzao wa sweta, waliripoti aibu zaidi juu ya miili yao, na aibu hiyo iliambatana na kujizuia kula vitu vitamu walivyopewa. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili ilikuwa imeshughulika kujikagua kwa macho ya mtu mwingine, ikabaki kidogo kwa hesabu. Katika jaribio hilo hesabu za wanaume hazikushuka. Mwaka 2004 watafiti wengine walilirudia kwa chupi za kuogelea za kubana na kwa watu wa asili mbalimbali, na safari hii wanaume nao walishuka.

Angalia kwamba katika jaribio lile hakukuwa na katalogi yoyote. Nguo ya kuogelea peke yake, mbele ya kioo, inatosha kumfanya mtu ajikague. Mteja wako anafika kwenye ukurasa wako akiwa tayari katika hali hiyo, kwa sababu anawaza atakavyoonekana akiivaa mbele ya watu. Kile unachomwonyesha wakati huo ndicho kipimo atakachojipimia. Akionyeshwa paja lenye michirizi kama lake, kipimo kinapitika. Akionyeshwa paja ambalo halikuwahi kuwepo, atakuwa amefeli kabla hajaweka nguo kwenye kikapu.

Kuhusu picha zenyewe, mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 77 juu ya wanawake na picha za vyombo vya habari zinazotukuza wembamba. Ulikuta uhusiano kati ya kuzitazama na kutoridhika na mwili. Uhusiano huo ni wa kiasi, si mkubwa. Usimwamini anayesema picha moja inamfanya msichana augue, na usimwamini anayesema picha hazifanyi kitu. Picha moja ina athari ndogo, lakini hakuna anayetazama picha moja. Wanaoumia zaidi ni wale ambao tayari wana tabia ya kujilinganisha na kila wanachokiona. Nikuonye pia kwamba tafiti hizo nyingi zilipima wembamba, si ngozi. Mimi naamini njia ni ileile, kwa sababu kujilinganisha hakuchagui kiungo, ila siwezi kukupa tarakimu ya michirizi peke yake.

Ngozi ina hatari yake ambayo wembamba hauna, nayo ni kwamba kwa kila alama kuna mtu anayeuza dawa yake. Mwanamke anayeamini kuwa yeye peke yake ana michirizi huenda dukani. Krimu za kuizuia zimepimwa kwa wajawazito, zikiwemo za siagi ya kakao, na hazikuonekana kufanya kazi kuliko krimu tupu. Hapo amepoteza fedha tu. Balaa liko kwenye mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kwetu zina steroidi kali kama klobetasoli, na steroidi hiyo ikipakwa kwa miezi huipunguza unene ngozi na kuvunja nyuzi zilezile zinazoihimili. Matokeo yake ni michirizi mipya, mipana kuliko ya ujauzito, mara nyingi kwenye mapaja, kwapa na mikunjo, na hiyo haitoki hata akiacha. Nimehariri picha za wanawake wenye michirizi ya namna hiyo. Mtu anajipaka ili ngozi yake ifanane na ile ya picha, anapata alama, halafu mimi naletewa picha yake nizifute, na picha hiyo inakwenda kumshawishi mwingine.

Kwa vinywele mambo ni tofauti kidogo, na hapa napenda tusiige mijadala ya Ulaya bila kufikiri. Kwetu pwani kunyoa kwapa na kinena ni sunna ya fitra, na mafundisho yanataka usipitishe siku arubaini. Hakuna bibi aliyengoja katalogi imwambie. Lakini alichofundishwa bibi ni usafi wa ngozi iliyonyolewa, na ngozi iliyonyolewa ina vidoti, ina kivuli, na baada ya siku tatu ina vinywele vipya. Katalogi inaonyesha ngozi ambayo haikuwahi kuota nywele. Anayeikimbiza hiyo hatosheki na kunyoa mara moja kwa wiki, ananyoa kila siku, kwa wembe mkavu, kinyume na mwelekeo wa nywele, juu ya vipele vya jana. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wanaonyoa sehemu za siri waliwahi kujijeruhi. Kwa mwenye nywele za kipilipili, kunyoa karibu mno na ngozi ndiko kunakozirudisha ndani, na kila kipele kinaacha weusi. Weusi huo ndio mhariri anaufuta.

Huenda mpigapicha atakwambia basi tuache picha zilivyo na tuandike chini kwamba zimehaririwa. Hilo limejaribiwa. Tangu Oktoba 2017 sheria ya Ufaransa inataka picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwili wa mwanamitindo, kumfanya mwembamba au mnene, iandikwe kuwa imehaririwa, na anayekaidi hutozwa faini ya euro 37,500 au zaidi. Lakini soma vizuri: ni umbo. Kufuta michirizi na vinywele hakuguswi na sheria hiyo. Shirika la picha la Getty nalo lilipiga marufuku mwaka huohuo picha za kubadilishwa umbo, likasema wazi kwamba kusafisha ngozi kunaruhusiwa. Norwei ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2022 tangazo lenye mtu aliyebadilishwa umbo, ukubwa au ngozi lazima libebe alama maalumu ya serikali inayoonekana pembeni mwa picha.

Kama mtu wa fani naipenda sheria ya Norwei, maana inaifanya kampuni inayotangaza ifikiri mara mbili kabla ya kuagiza ngozi ifutwe. Kama kinga kwa mtazamaji siitegemei. Marika Tiggemann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, wamejaribu maandishi ya aina hiyo mara nyingi, na wanawake waliosoma kuwa picha imehaririwa hawakutoka wakijipenda kuliko wale ambao hawakusoma chochote. Maandishi yaliyotaja kiungo kilichorekebishwa yalifanya jambo baya zaidi: yaliyavuta macho kwenye kiungo hicho, na wanawake wenye mazoea ya kujilinganisha wakatoka wakiwa hawaridhiki na miili yao kuliko wengine. Kujua kwamba paja ni la uongo hakukuzuii kulitamani. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya tangazo la chini ya picha. Kinachosaidia ni kutofuta.

Wala usitarajie miujiza kutoka kwa picha isiyohaririwa. Modo mwenye miaka ishirini, mwembamba, mwenye michirizi miwili iliyoachwa kwa makusudi bado ni mtu aliyechaguliwa kati ya wengi. Nimeona maduka yanayotumia mchirizi kama pambo la tangazo huku saizi zao zikiishia ndogo. Kama unashona mpaka saizi ya 48, piga picha nguo moja kwa wanawake wa saizi mbili au tatu tofauti. Mteja atapata taarifa halisi ya kumkaa, na hilo litamfaa kuliko mchirizi wowote.

Kwa picha ulizo nazo sasa, usikubali kijana arudishe ngozi kwa kunyunyiza chembe bandia juu ya zile alizolainisha. Wengi hufanya hivyo wakibanwa, na utaijua kwa sababu chembe zitakuwa za ukubwa mmoja kuanzia shingoni mpaka kifundoni, wakati ngozi ya mtu haiko hivyo. Mwambie aanze upya kutoka faili ghafi za kamera. Kama hakuzihifadhi, picha za karibu zitabidi zipigwe tena, ila zile za mwili mzima ambazo zitaonekana kwenye simu tu unaweza kuzivumilia msimu huu.

Mwandikie maagizo kwa maneno haya, ukiyapenda: "Ondoa mchanga, nyuzi, madoa, alama za soksi na chunusi za siku hiyo. Usiguse michirizi, makovu, vinywele, mikunjo, wala umbo. Usilainishe ngozi iliyo karibu na lastiki. Rangi ya ngozi na ya kitambaa ziwe kama zilivyoonekana kivulini." Kisha mlipe saa za kurudia, kwa sababu mara ya kwanza hakupewa maagizo na alifanya alichozoea, na mwambie alete picha moja kwanza, ile ya paja, uikague kwa asilimia 100 kabla hajagusa nyingine.